Maji ya Ipole na Watu Waliotuaga

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa akili niliyoilipia ada ya masomo ya jioni, kwamba kisima cha kituo chetu cha Ipole kilikuwa na maji yanayofukuza watu. Habari hiyo nilipewa na mzee mmoja fundi wa mabati pale Tabora mjini, mtu wa heshima zake, wa safu ya mbele msikitini, ambaye hasemi uongo isipokuwa kuhusu siku atakayomaliza kazi yako. Alinieleza kwamba zamani, misafara ilipokuwa ikipita Ipole, wapagazi waliosha miguu kwenye kisima kile, maelfu kwa maelfu ya miguu, mpaka safari yenyewe ikaingia ndani ya maji. Anayeyanywa msimu mzima nyayo zinaanza kumwasha. Hatulii tena. Anafunga mzigo anaondoka, na ukimuuliza sababu, hana jibu la kueleweka.

Mwingine angecheka. Mimi nilikuwa afisa utumishi wa kampuni ya asali, na kitu pekee nilichokuwa nacho mezani ni barua za watu wanaoacha kazi bila jibu la kueleweka. Nikaona mzee kanitatulia tatizo.

Kampuni yetu ilikuwa na ofisi na karakana ya kufungasha asali mjini, na kituo kimoja huko Ipole, porini, ambako warina asali walileta ndoo zao. Pale kituoni asali ilipimwa unyevu, ikachujwa, ikapumzishwa, kisha ikaletwa mjini. Mjini watu walikaa. Walizeeka kazini, walitushinda hata kuwastaafisha. Ipole ndiko walikokimbia. Kila msimu ulipoisha, wawili watatu wanaandika barua. Tunaajiri wapya, tunawafundisha kupima, wanaanza kujua asali iliyoiva na ile iliyorinwa kwa pupa, na wao hao wanaaga. Msimu mmoja mpimaji mgeni alipitisha ndoo zenye maji mengi, asali ikachachuka ghalani mjini, ikatoa povu kama togwa. Nakwambia harufu yake ilifika mpaka stesheni ya reli.

Mkurugenzi wetu, mama wa mjini aliyekulia kwenye biashara tangu ananyonya, aliniita akaniambia bila kupandisha sauti kwamba kituo kisichoweza kushika watu si kituo. Hali ile ikiendelea, angefunga Ipole, ndoo zingesombwa mbichi mbichi kuja mjini, na wenyeji waliobaki kule wangetafuta pa kwenda. Akanipa mimi kazi ya kujua kinachowaondoa.

Kwa hiyo nilianza kusafiri kwenda Ipole kuongea na wanaoaga, nikiwa na katoni zangu za maji ya chupa. Nilikunywa maji ya chupa kiasi ambacho mwenye kiwanda angenipa hata binti yake.

Mazungumzo ya mwanzo yalikuwa kama kuongea na ukuta uliofunzwa adabu. Niliwaita katika ofisi ya msimamizi wa kituo, mlango wazi, msimamizi mwenyewe akipita na kurudi na funguo zake. Wote walinijibu kwamba wamepata kwingine, au kuna mambo ya kifamilia, na wanaishukuru sana kampuni. Mmoja aliishukuru kampuni mpaka nikataka kumuuliza kama ana hakika anaondoka. Niliandika "mambo ya kifamilia" mara nyingi hata mkono ukazoea kuyaandika wenyewe.

Aliyenisaidia alikuwa mwalimu wetu wa masomo ya jioni, mstaafu mmoja aliyewahi kushughulikia wafanyakazi wa reli. Tulisomea katika darasa la shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni, na yeye anatufundisha kumuaga mtu kwa heshima. Alisema anayeaga anaogopa vitu viwili: haki zake kuzuiliwa, na maneno yake kumfikia bosi kabla yeye hajafika stendi. Basi mpe kwanza cheti chake cha utumishi na karatasi za malipo yake ya mwisho zikiwa zimesainiwa, ndipo umuombe mazungumzo, na umwambie anaweza kukataa. Kaa naye mbali na mkubwa wake. Mwambie wazi kwamba atakayosema utayachanganya na ya wengine, jina halitatoka, isipokuwa akikueleza jambo la kuhatarisha watu, hilo huwezi kulikalia. Usimbishie. Usiitetee kampuni. Usimbembeleze abaki, kwa sababu ukishaanza kubembeleza ataacha kukwambia ukweli na ataanza kukuonea huruma. Na usimuulize tu kwa nini anaondoka. Muulize ni lini alianza kuwaza kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini.

Pembeni yangu kwenye dawati lile la watoto alikuwa akikaa dada mmoja, Muha, aliyelelewa Urambo. Mimi Mnyamwezi, yeye Muha, utani wetu ulianza kabla hatujajuana vizuri. Aliniambia Wanyamwezi tulibeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa, ndiyo maana hesabu haziingii. Nikamjibu kwamba Waha walikuwa wakitazama tu kwa sababu hakuna aliyewaamini na mzigo. Tulimaliza masomo pamoja, na mimi ndiye niliyemwambia kuna nafasi ya mpimaji Ipole. Akaichukua, na baada ya msimu mmoja alikuwa ndiye mpimaji mkuu, anayewafundisha wote wanaokuja. Nikifika Ipole kufanya mazungumzo na wanaoaga, nilikula kwake. Alinicheka kwa maji yangu ya chupa. "Mtani, wewe ukifa watu watasema umekufa kwa plastiki."

Nilipobadili namna ya kuongea na watu, walianza kusema. Nilikaa nao kwenye kibanda cha ndoo tupu, nyuma ya ghala, kila mtu juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, cheti chake mfukoni. Mchujaji mmoja, kijana mpole, nilimuuliza lile swali la lini. Akapapasa cheti chake mfukoni. Kisha akasema ni tangu msiba wa baba mkubwa.

Alitaka ruhusa ya kwenda kuzika kijijini kwao Lusu, na fomu yetu ya ruhusa ya msiba ilifuata sheria neno kwa neno: mzazi, mume au mke, mtoto, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Baba mkubwa hakuwemo. Kwao baba mkubwa ni baba, hakuna mtu anayemwita vinginevyo, kwa hiyo aliandika "baba" bila hata kujiona anadanganya, akaenda, akazika. Mwaka uliofuata akafiwa na baba mzazi. Akaandika "baba". Msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake baba anakufa mara ngapi. Alipata ruhusa baada ya mjumbe wa kijiji kuthibitisha kwa simu, lakini alifika Lusu kaburi limeshafukiwa, watu wanakunja majamvi.

"Sikumchukia msimamizi," aliniambia. "Ila kila nilipomuona nilikuwa nasikia lile swali."

Nilimshukuru. Sikujua cha kuongeza, na mwalimu alituonya tusiongeze. Alipopanda basi alinipungia mkono kwa furaha kama mtu anayekwenda harusini.

Hata hapo sikuona kitu. Mtu mmoja ana kisa chake, nilijiambia, na visa kila mtu anavyo. Nililala nikiwaza kisima. Nilikuwa nimeshamshawishi hata mpishi wa kituo achemshe maji mara mbili, kama kwamba safari huuawa kwa moto.

Msimu huo huo ulipokwisha, mtani wangu aliandika barua.

Aliileta mwenyewe mjini. Alinisalimia, akaiweka mezani, akakaa. Nilicheka nikidhani ni utani mpya. Kisha nikaona hakuvaa kofia yake ya kazi, amevaa kitenge cha safari. Nilimaliza karatasi zake zote, nikamkabidhi cheti chake, kisha nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mtu, kama atakubali tuongee, au angependa aongee na mtu mwingine kwa kuwa mimi ni rafiki yake. Akasema ataongea na mimi. Tulitoka ofisini tukaenda kukaa kwa mama mmoja muuza kahawa, kwenye benchi la nyuma ambako hapiti mtu wa kampuni. Nilimsomea maneno yale yale ya siri na ya hiari. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Umeyasoma vizuri, mtani. Mwalimu angekupa nyota."

Nikamuuliza ni lini alianza kuwaza kuondoka.

Akaniambia mama yake mdogo alifariki katikati ya msimu ule, siku ambayo ndoo zimejaa kituoni na warina wamepanga foleni mpaka barabarani. Nilijua habari za mama mdogo huyo. Ndiye aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki na kumwacha akiwa wa kubebwa mgongoni, ndiye aliyeuza karanga akamsomesha. Hakuwahi kumwita mama mdogo, alimwita mama. Lakini kwenye fomu, mama yake alishafariki zamani, na yeye si mtu wa kuandika lisilo kweli. Aliandika "mama mdogo". Msimamizi alisoma orodha juu mpaka chini, akaisoma tena, akamwambia hayumo, na kwamba likizo ya kawaida haiwezekani foleni ikiwa vile na mpimaji mwingine aliyekwisha kuiva hakuna. "Msimamizi alitaka kulia kuliko mimi," alisema. Akarudi kwenye meza, akashika kipimo, akaendelea kupima.

Kwao, aliyelelewa na marehemu ndiye anayetia udongo wa kwanza kwa mkono. Walimsubiri. Jua lilipoanza kushuka wakamchukua binti wa jirani, wakamtia udongo kiganjani, wakamwambia amwage kwa niaba ya mwenzake aliye kazini.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa ambacho sikukunywa. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumwambia abaki, tutarekebisha, nitapigana, nitalala mlangoni kwa mkurugenzi. Nilinyamaza. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na mimi nimewahi kubeba jeneza la mjomba wangu aliyekuwa mnene kupindukia.

"Siku ile ile," alisema. "Umeuliza lini. Siku ile ile, nimeshika kipimo. Nilimaliza msimu kwa sababu ya warina, na wale vijana niliokuwa nawafundisha. Ila mimi nilikuwa nimeshaondoka."

Nikamuuliza kama kuna jambo angependa kampuni ilijue kwa ajili ya watakaokuja. Akafikiri, akasema waulizwe mapema nani aliwalea. Basi.

Kisha akatabasamu, na hapo ndipo aliponimaliza. "Na wewe, mtani wangu, hukuja kutuchekesha msibani. Waha wote walikuwa wanauliza, Mnyamwezi wako yuko wapi?"

Sikujua kama kuna msiba. Yeye hakuwa na nafasi ya kunipigia, na hakuna aliyenipigia. Mtani ndiye anayemlaza marehemu kwa mzaha, anayewaomba wafiwa fidia ya machozi, anayekaa juu ya udongo wa kaburi na kukataa kuondoka mpaka apewe kuku. Nilikuwa mjini, nikipanga chupa za maji.

Alipanda basi la Urambo siku hiyo hiyo. Nilimbebea begi, akasema ameona kwa macho yake sasa kwamba Mnyamwezi bado anabeba. Nilicheka mpaka basi likapotea, kisha nikaenda nyuma ya stendi nikasimama nimeutazama ukuta.

Baada ya hapo niliyarudia mazungumzo yote. Niliacha kuangalia sababu walizotoa, nikaangalia siku walizozitaja. Waliokuwa wameniambia "mambo ya kifamilia" nikawapigia mmoja mmoja, kwa ruhusa yao, nikawauliza tu lile swali la lini. Baba mkubwa. Mama mkwe. Mjomba aliyemlipia ada. Shangazi. Walifiwa mwanzoni au katikati ya msimu, wakavumilia, na walipoaga hakuna aliyeunganisha, kwa sababu kati ya kilio na barua kulikuwa na miezi. Mjini hali ilikuwa ile ile kwenye karatasi, fomu ni moja, lakini wa mjini akinyimwa ruhusa anatoka kazini jioni anapita msibani, anakaa na wenzake, kesho yupo. Kutoka Ipole hupiti popote.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Shikamoo, marahaba, nikaanza. Nilimweleza yale yanayofanana tu, si nani alisema nini. Akanitajia mtu mmoja akitaka nithibitishe kama ni yeye aliyelalamika, nikamwambia, kwa heshima, kwamba nikithibitisha leo hakuna atakayeniambia kitu kesho. Alinitazama kama anayepima kitambaa. Kisha akasema hapa Tabora kila mtu ana baba wakubwa mia, na nikiwafungulia mlango wote asali itajichuja yenyewe.

Sikubishana na hilo, maana mia ni hesabu ndogo. Nilimuuliza tu, yeye alilelewa na nani.

Akaweka kalamu chini. Alilelewa na shangazi, mji mzima unajua.

Tulipanga hivi: kila mfanyakazi, siku anayoajiriwa, anataja watu waliomlea, wachache, wawe wamemzaa au hawakumzaa, na msiba wao unahesabiwa kama wa mzazi. Anaweza kubadilisha akitaka. Na wakati wa foleni, mjini kuwe na mpimaji aliye tayari kupanda gari kwenda Ipole kumshikia mwenzake zamu, maana ruhusa bila mtu wa kukushikia ni maneno tu. Msimamizi aliupokea utaratibu huo kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka kusoma ile orodha. Tulianza pia kuwauliza waliopo, kabla hawajawaza barua, ni nini kinawachosha.

Na mimi, kwa kuwa sikuwa nimepona, nikaomba pia kisima kipya. Nikasema tuchimbe upande wa pili wa kituo, mbali na njia ya wapagazi. Mkurugenzi akakubali kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kinakauka, mimi nikachukua kama ushindi.

Msimu ulipita. Wakafiwa wawili, wakaenda wakazika, wakarudi. Wapimaji waliobadilishana nao walisinzia njiani na kulalamikia barabara, lakini walifika. Msimu ulipoisha nilikaa mezani nikisubiri barua, na iliyokuja ilikuwa moja, ya binti anayekwenda kusoma, aliyeahidi kurudi na nikamwamini. Kituo hakikufungwa.

Nilipanda basi kwenda Urambo kumwambia mtani. Nilimkuta nyumbani kwa marehemu, amezungukwa na watoto ambao mama mdogo alikuwa akiwalea na sasa ni wake, na ukifika msimu wa kuuza tumbaku anaipima katika kituo cha kununulia kilicho jirani. Alinikaribisha, alinipikia, akanipeleka kaburini bila mimi kuomba. Nilikaa kwenye udongo kama mtani anavyokaa, nikadai kuku. Sauti haikutoka vizuri. Alinipa jogoo, akasema nimechelewa mwaka mzima kwa hiyo nipewe jogoo mzee.

Nikampa salamu za mkurugenzi: nafasi yake ipo, na utaratibu umebadilika, na ni maneno yake yaliyoubadilisha, ingawa jina lake halikutajwa. Alifurahi kweli. Aliwaulizia wote wa kituoni, mmoja mmoja. Kisha akasema hatarudi. Hakusema kwa uchungu. Watoto wale wanahitaji mtu aliye nyumbani, na meza ile ya kupimia hawezi tena kuikalia. Nilijua hivyo tangu nilipokuwa kwenye basi, na bado nilivunjika kama chungu.

Ili kuficha uso nikaanza kujisifu. Nikamsimulia kisima kipya, jinsi nilivyowatenganisha watu na maji ya wapagazi, na kwamba kwa mahesabu yangu kisima kimefanya nusu ya kazi, pengine nusu na robo.

Aliniangalia kwa huruma, akaweka sufuria chini.

"Mtani, waliobaki Ipole miaka yote hiyo, walikuwa wanakunywa nini?"

Nikasema maji ya kisima.

"Ni wenyeji wa pale pale. Makaburi ya watu wao yako nyuma ya kituo, wanakwenda kuzika kwa miguu, na mchana wamesharudi kazini. Sisi tulioondoka tulikuwa wa mbali. Maji tulikunywa yale yale. Hayakuwa na kitu, yalikuwa maji tu."